Modeli imefaulu vipimo lakini akiba haiaminiki: kutafuta kosa katika modeli ya nishati ya jengo

Hali hii huwapata wengi wanaoandaa ripoti za umeme uliookolewa. Modeli ya jengo imejengwa kwenye EnergyPlus, programu ya kuigiza matumizi ya nishati ya jengo, imelinganishwa na usomaji wa mita wa miezi 12, na viwango vya ASHRAE Guideline 14, mwongozo wa kupima akiba ya nishati, vimefikiwa. Kisha mwenye jengo anauliza swali moja tu: mbona akiba mnayodai haionekani kwenye bili? Mara nyingi jibu ni kwamba modeli ilipata jumla sahihi kwa sababu zisizo sahihi.

Mwongozo huu unafuata dalili moja baada ya nyingine, kwa mpangilio unaofaa kuzichunguza. Mfano wetu ni jengo la ofisi la Dar es Salaam lenye ghorofa 5 na eneo la mita za mraba 4,000, linalopozwa kwa viyoyozi vya spliti. Ukarabati wake ni wa aina mbili: tyubulaiti zote zinabadilishwa kuwa za LED, na spliti 40 zilizochakaa kati ya 110 zinabadilishwa kuwa za inveta. Takwimu za jengo hili zimetungwa kwa ajili ya mfano, lakini makosa yaliyomo ndiyo yanayokutwa kwenye majengo halisi.

## Kwanza, vipimo vyenyewe vinasema nini

Guideline 14 inatumia vipimo viwili. NMBE huonyesha kama modeli kwa ujumla iko juu au chini ya mita. CV(RMSE) huonyesha ukubwa wa tofauti za kila mwezi bila kujali zimeelekea upande gani. Kwa data ya kila mwezi, NMBE isizidi asilimia 5 kwenda juu au chini, na CV(RMSE) isizidi asilimia 15. Kwa data ya kila saa, mipaka ni asilimia 10 na asilimia 30.

```python
import numpy as np
# m = kWh za mita, s = kWh za modeli, kila mwezi
n = len(m)
nmbe = 100*(m - s).sum()/((n - 1)*m.mean())
cvrmse = 100*np.sqrt(((m - s)**2).sum()/(n - 1))/m.mean()
```

Kwa mpangilio huu, NMBE chanya maana yake modeli iko chini ya mita. Wengine hugeuza ishara, kwa hiyo andika kwenye ripoti umetoa kipi kwenye kipi.

Haya ndiyo matokeo ya modeli ya kwanza ya jengo letu, kwa maelfu ya kWh:

| Mwezi | Mita | Modeli | Tofauti |
|---|---|---|---|
| Januari | 50.2 | 55.2 | −5.0 |
| Februari | 47.3 | 52.3 | −5.0 |
| Machi | 50.8 | 54.8 | −4.0 |
| Aprili | 45.6 | 45.6 | 0.0 |
| Mei | 43.9 | 40.9 | 3.0 |
| Juni | 40.3 | 33.3 | 7.0 |
| Julai | 39.8 | 31.8 | 8.0 |
| Agosti | 40.9 | 33.9 | 7.0 |
| Septemba | 41.7 | 36.7 | 5.0 |
| Oktoba | 45.1 | 45.1 | 0.0 |
| Novemba | 46.6 | 48.6 | −2.0 |
| Desemba | 47.8 | 51.0 | −3.2 |
| Jumla | 540.0 | 529.2 | 10.8 |

NMBE ni asilimia 2.2 na CV(RMSE) ni asilimia 11.1. Imefaulu yote mawili, na wengi wangeishia hapo. Lakini soma safu ya mwisho kutoka juu hadi chini. Tofauti hazijatawanyika ovyo. Miezi ya joto modeli iko juu, miezi ya baridi iko chini, na mpito kutoka upande mmoja hadi mwingine ni wa taratibu. Kosa lenye umbo namna hii lina chanzo kinachoweza kutafutwa, na hakuna kiwango cha kufaulu kinachotoa ruhusa ya kuliacha.

## Dalili: mwezi mmoja juu, unaofuata chini, bila mpangilio

Kabla ya kugusa modeli, hakikisha mita yenyewe inasema kweli. Tofauti zinazoruka juu na chini mwezi hadi mwezi karibu kila mara hutokana na tarehe, si na fizikia ya jengo. Bili inayoitwa ya Machi inaweza kuwa ya tarehe 18 Februari hadi 21 Machi. Ukiilinganisha na Machi ya modeli, umelinganisha siku 32 na siku 31 za hali ya hewa tofauti.

Dawa yake ni kuigawa modeli kwa tarehe za mita, si kuigawa mita kwa miezi ya kalenda. Agiza modeli itoe matumizi ya kila siku, kisha jumlisha siku zilezile zilizo kati ya usomaji mmoja na mwingine:

```
Output:Meter,Electricity:Facility,Daily;
Output:Meter,InteriorLights:Electricity,Daily;
Output:Meter,Cooling:Electricity,Daily;
```

Ikiwa jengo, au baadhi ya wapangaji wake, linatumia LUKU, tatizo ni kubwa zaidi. Orodha ya tokeni inaonyesha siku umeme uliponunuliwa, wala haionyeshi siku ulipotumika. Mhasibu akinunua uniti 20,000 tarehe 30 Juni ili kufunga mwaka wa fedha, Juni itaonekana ya kutisha na Julai itaonekana tupu. Hakuna hesabu ya kulirekebisha hilo kwa uhakika. Jumla ya mwaka inaweza kusaidia kidogo kama unajua salio lililokuwepo kwenye mita siku ya kwanza na siku ya mwisho. La sivyo, funga mita ya kusoma kwenye swichibodi kuu miezi kadhaa kabla ya ukarabati kuanza. Hicho ni kifaa cha gharama ndogo ukilinganisha na ripoti itakayokataliwa.

Jenereta nayo husahaulika. Umeme ukikatika kwa saa nyingi ndani ya mwezi, mita ya TANESCO itaonyesha upungufu ambao jengo halikuupata. Soma kWh kwenye paneli ya jenereta na uziongeze. Kama kilichopo ni daftari la dizeli peke yake, lita moja hutoa takriban kWh 3 hadi 3.5 jenereta ikiwa imebeba mzigo wa kutosha, na hutoa pungufu ya hapo ikiwa na mzigo mdogo. Andika wazi kwamba hayo ni makadirio.

## Dalili: modeli haifuati miezi ya joto na baridi hata kidogo

Hapa kagua faili la hali ya hewa. Faili linalokuja na programu huwa ni la mwaka wa kawaida, yaani miezi iliyochaguliwa kutoka miaka tofauti na kuunganishwa. Linafaa kusanifu jengo jipya. Kulinganisha na mita haliwezi, kwa sababu Februari iliyomo ndani yake si Februari iliyolipiwa kwenye bili. Unahitaji hali ya hewa ya mwaka uleule wa usomaji, kutoka kituo cha uwanja wa ndege kupitia Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, au kutoka ERA5, hifadhidata ya hali ya hewa ya miaka iliyopita, iliyogeuzwa kuwa faili la `.epw`.

Ukitumia ERA5, angalia saa. Data hiyo hutunzwa kwa UTC, na Tanzania iko saa 3 mbele yake. Faili lisiposogezwa, mionzi ya jua kwenye modeli itafika kilele saa 3 asubuhi. Kwenye jumla za mwezi kosa hilo halionekani kirahisi, lakini chora grafu ya mionzi ya siku moja isiyo na mawingu utaligundua papo hapo.

Jambo jingine la latitudo yetu: Dar es Salaam iko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta. Mwezi Juni jua la adhuhuri linakaa kaskazini, nyuzi 60 hivi juu ya upeo wa macho. Desemba linahamia kusini na kuwa karibu zaidi na utosi. Kwa hiyo ukuta wa vioo unaotazama kaskazini ndio unaopigwa zaidi katikati ya mwaka. Mchoro ukigeuzwa kwa bahati mbaya kaskazini kuwa kusini, modeli itapoza kidogo kuliko kawaida Juni na zaidi Desemba, na kosa hilo linafanana na lile la jedwali letu. Hakiki mwelekeo kwa dira mkiwa kwenye jengo. Katika mfano wetu mwelekeo ulikuwa sahihi, kwa hiyo tunaendelea.

## Dalili: modeli iko chini miezi ya baridi, juu miezi ya joto

Hii ndiyo dalili ya jedwali letu. Ipime kwa namba moja: tofauti kati ya mwezi wa juu na wa chini. Mita inatoka 50.8 mwezi Machi hadi 39.8 mwezi Julai, sawa na mteremko wa 11. Modeli, kwa miezi hiyohiyo, inatoka 54.8 hadi 31.8, mteremko wa 23. Maana yake umeme wa modeli unaitikia hali ya hewa mara mbili zaidi ya jengo lenyewe. Na kwa kuwa jumla ya mwaka inalingana, lazima kuna umeme usiohusiana na hali ya hewa ambao modeli haina.

Makosa mawili yamefichana, na kuyatenganisha kunahitaji kipimo kimoja cha ziada. Funga kirekodi cha umeme kwenye swichibodi kuu kwa majuma mawili, kikiandika kila dakika 15, na uhakikishe ndani yake mna wikiendi mbili. Kisha angalia usiku.

Katika jengo letu kirekodi kilionyesha kW 24 saa 8 usiku, modeli ikionyesha kW 9. Tofauti ya kW 15 ilitafutwa kwa kutembea jengoni usiku na kipimaampea cha kubana: chumba cha seva na spliti zake mbili, taa za korido na za nje zisizozimwa, friji na mashine za maji ya kunywa, na pampu ya tangi la juu. Kiolezo cha ofisi kilichotumika kujenga modeli kiliamini kwamba watu wakiondoka karibu kila kitu huzimwa.

Sasa hesabu. Ofisi hufanya kazi saa 55 kwa wiki, hivyo saa 113 jengo halina watu. Kwa mwaka ni saa 5,876. Ukizidisha kwa kW 15 unapata takriban kWh 88,000 kwa mwaka, yaani kWh 7,300 kila mwezi. Angalia tena safu ya tofauti: Juni 7.0, Julai 8.0, Agosti 7.0. Karibu pengo lote la miezi ya baridi limeelezwa na kitu kilichopimwa, bila kukisia.

Tukiuingiza mzigo huo, modeli inapanda hadi kWh 617,000, na kuzidi mita kwa kWh 77,000. Hapa ndipo watu wengi wanapogeuka nyuma, maana vipimo sasa vimeharibika. Usirudi. Kosa la pili limetoka hadharani: modeli inapoza kupita kiasi.

Chanzo kikuu kilikuwa hewa ya nje. Kiolezo kilimpa kila mtu lita 10 za hewa safi kwa sekunde, kana kwamba kuna mfumo mkubwa wa kuivuta na kuisambaza. Spliti hazivuti hewa ya nje. Huzungusha hewa ileile ya chumbani, na hewa mpya huingia kwa milango inayofunguliwa na mianya ya madirisha tu. Kwa watu 350, kiolezo kilikuwa kinapoza lita 3,500 za hewa ya pwani kila sekunde. Mchana wa Februari, hewa ikiwa nyuzi 31 na unyevu wa asilimia 68, kuishusha hadi nyuzi 24 na unyevu wa asilimia 55 ni mzigo wa kupoza wa kW 120 hivi, na sehemu kubwa yake ni kukausha unyevu. Kwa spliti zenye COP ya 2.8, yaani zinazotoa kW 2.8 za ubaridi kwa kila kW 1 ya umeme, hiyo ni kW 43 za umeme. Mchana wa Julai mzigo huohuo unapungua hadi karibu nusu, na ndiyo maana mteremko wa modeli ulikuwa mkali vile.

Katika EnergyPlus, tafuta `DesignSpecification:OutdoorAir` na uondoe kiwango cha kiolezo, kisha weka upenyaji wa hewa kwa `ZoneInfiltration:DesignFlowRate`. Pamoja na hilo, korido, ngazi na vyoo, ambavyo modeli ilivipoza ingawa havina kiyoyozi hata kimoja, viliondolewa kwenye kupozwa. Mabadiliko haya yana ushahidi wa kuonekana kwa macho, isipokuwa kiwango cha upenyaji, ambacho kilikisiwa.

Onyo: kuondoa hewa safi kwenye modeli ni kueleza jengo lilivyo, wala si kusema linapaswa kuwa hivyo. Kama ukarabati utaongeza feni za hewa safi, nishati yake itaongezeka, na hilo lazima lihesabiwe kama mabadiliko tofauti na akiba.

## Dalili: miezi inalingana vizuri, saa hazilingani

Baada ya marekebisho hayo, linganisha siku moja moja na kirekodi. Kama umbo la siku limesogea, chunguza ratiba kabla ya kitu kingine chochote.

Kosa moja ni letu sisi tunaosema Kiswahili. Msimamizi wa jengo anasema "tunafungua saa 2, tunafunga saa 11", na anayejenga modeli anaandika 02:00 na 11:00 badala ya 08:00 na 17:00. Saa za kazi ni zilezile 9, kwa hiyo jumla ya taa na kompyuta haibadiliki hata kidogo. Kinachobadilika ni kupoza, kwa sababu karibu nusu ya saa za kazi zimehamia usiku wakati nje hakuna jua. Mtu akishaona kupoza kwa modeli kuko chini, huongeza kitu kingine ili kufidia, na hapo kosa linazikwa. Katika fomu ya mahojiano andika daima muda wa saa 24 kando ya saa ya Kiswahili, na umsomee mhojiwa yote mawili.

Ratiba nyingine za kuhakiki ni sikukuu na Ramadhani. Weka siku kama 26 Aprili, 7 Julai, 8 Agosti na za Idi kwenye `RunPeriodControl:SpecialDays` kwa tarehe za mwaka husika, na uhakikishe mwaka uliotajwa kwenye `RunPeriod` ni mwaka wenyewe, ili Jumapili za modeli ziangukie Jumapili za kweli. Kwa ofisi zinazofunga mapema wakati wa Ramadhani, kumbuka kwamba mwezi huo husogea nyuma siku 10 au 11 kila mwaka. Mwaka wa msingi, yaani wa kabla ya ukarabati, unaweza kuwa nao Machi, na mwaka wa ripoti ukawa na sehemu yake Februari.

Mwishoni mwa hatua hii modeli yetu ilifika NMBE ya asilimia 0.4 na CV(RMSE) ya asilimia 4.1, na tofauti za miezi zikaacha kufuata majira.

## Dalili: modeli ni nzuri kila upande, lakini akiba ni kubwa mno

Hili ndilo kosa la hatari kuliko yote, kwa sababu hakuna kipimo cha takwimu kitakacholionyesha. Mita moja inapima jumla. Ukiongeza taa na kupunguza kompyuta kwa kiasi kilekile, jumla haitatikisika, na modeli itafaulu vilevile. Lakini ukibadilisha taa hizo kuwa LED, modeli yenye taa nyingi itadai akiba kubwa.

Kanuni ya kufuata ni hii: kitu kitakachobadilishwa na ukarabati lazima kipimwe moja kwa moja, kabla hakijaondolewa. Kukisia kwa kulinganisha na mita kuruhusiwe kwa vitu ambavyo ukarabati hauvigusi tu.

Kwenye jengo letu kuna fremu 640, kila moja ikiwa na tyubu mbili za wati 36. Tyubu hizo zina balasti za zamani za sumaku, zile ambazo mafundi huziita choki, na kila choki hula wati 9 hivi za ziada. Fremu moja basi ni wati 90, na zote ni kW 57.6. Hiyo ndiyo namba iliyokuwa kwenye modeli ya kwanza, imetoka kwenye michoro. Ukaguzi wa kutembea vyumbani ulikuta kwamba sehemu moja ya tano ya taa haziwaki, nyingine zimetolewa tyubu kabisa. Kipimaampea kwenye saketi za taa kilithibitisha kW 46.

LED zilizofungwa ni tyubu za wati 18, zote zinawaka, jumla kW 23. Taa huwashwa saa 2,860 kwa mwaka, na kwa wastani asilimia 80 ya zinazoweza kuwaka ndizo zinazowashwa kwa wakati mmoja. Kwa namba ya michoro akiba ya taa ni karibu kWh 79,000. Kwa namba iliyopimwa ni karibu kWh 53,000. Kosa la kWh 26,000 kwa mwaka lingeingia kwenye ripoti huku modeli ikionekana safi.

Swali linalofuata huwa gumu kwenye mikataba: je, zile taa mbovu, ambazo mwenye jengo angepaswa kuzitengeneza hata hivyo, zihesabiwe kana kwamba zilikuwa zinawaka? Inaruhusiwa kukubaliana juu ya marekebisho ya namna hiyo, lakini yafanywe kwa maandishi kabla ya kazi, na yaonyeshwe kwenye mstari wake peke yake. Yasichanganywe na akiba itakayoonekana kwenye mita, kwa sababu umeme huo haukuwahi kulipiwa.

Spliti nazo zipimwe kabla ya kung'olewa. Chagua 6 hadi 8 kati ya zile 40, rekodi umeme wa kila moja kwa wiki nzima, pamoja na nyuzi zilizowekwa kwenye rimoti na joto la chumba. Spliti ya zamani huwaka na kuzima kabisa, hivyo kirekodi kiandike kila dakika moja. Ukiandika kila saa, utapata wastani usioonyesha kama mashine inafika joto lililowekwa au inahangaika mchana kutwa bila kufika. Tofauti hiyo ni muhimu: spliti isiyofika nyuzi zake, ikibadilishwa na mpya inayofika, sehemu ya akiba itageuka kuwa ubaridi zaidi.

## Dalili: akiba kwenye ripoti haifanani na akiba kwenye bili

Mwaka baada ya ukarabati, mita ilisoma kWh 432,000. Ukitoa kwenye 540,000 za mwaka wa msingi unapata 108,000, sawa na asilimia 20. Namba hiyo inavutia lakini si akiba, kwa sababu miaka miwili hiyo haikufanana. Mwaka wa ripoti ulikuwa na joto zaidi, na ghorofa ya 5 ilikaa bila mpangaji kwa miezi 4.

IPMVP, itifaki ya kimataifa ya kupima na kuthibitisha akiba, katika Chaguo D, lile la kutumia modeli, inataka ulinganishe mambo yaliyo kwenye hali moja. Chukua modeli ya msingi iliyosawazishwa, yenye taa na spliti za zamani, uiendeshe kwa hali ya hewa na matumizi ya mwaka wa ripoti. Joto liliongeza kWh 9,000, ghorofa tupu ilipunguza kWh 27,000, na msingi uliorekebishwa ukawa kWh 522,000. Toa mita ya 432,000, akiba ni kWh 90,000, sawa na asilimia 17.2.

Njia nyingine inayokubalika ni kuwa na modeli mbili, ya kabla na ya baada, zote zikiendeshwa kwa hali ya hewa moja. Ukiitumia, modeli ya baada nayo ilinganishwe na mita ya baada. Kosa la kawaida ni kuchanganya njia: modeli ya baada inatolewa kwenye mita ya kabla, au msingi unaendeshwa kwa mwaka wa kawaida huku mita ikiwa ya mwaka halisi. Kila mara jiulize kama pande zote mbili za utoaji zina hali ya hewa ileile, idadi ileile ya watu na tarehe zilezile.

Ghorofa tupu inahitaji ushahidi: barua ya mpangaji kuondoka, tarehe, na usomaji wa mita ndogo ya ghorofa kama ipo. Marekebisho ya aina hii ndiyo mkaguzi atakayoyashika kwanza.

## Kiasi gani cha shaka kiandikwe

Guideline 14 ina kanuni ya kukadiria shaka ya akiba. Ilitengenezwa kwa modeli za takwimu, kwa hiyo kwa modeli ya kuigiza jengo ichukuliwe kama makadirio ya kiwango cha chini. Kwa miezi 12 kabla na 12 baada, CV ikiwa ni CV(RMSE) kwa desimali, t ikiwa ni thamani ya takwimu inayotegemea uhakika unaotaka, na F ikiwa ni sehemu ya akiba kwenye msingi:

```
shaka = 1.26 * t * CV / F * sqrt((1 + 2/12) / 12)
```

Kwa uhakika wa asilimia 90, t ni takriban 1.8. Tukiweka CV ya 0.041 na F ya 0.172, shaka ni asilimia 17 ya akiba, yaani kWh 90,000, pungufu au zaidi kwa 15,000. Kama tungeachia modeli ya kwanza yenye CV ya asilimia 11.1, akiba hiyohiyo ingekuwa na shaka ya asilimia 46, karibu kWh 41,000 kila upande. Modeli zote mbili zimefaulu mtihani uleule wa asilimia 15.

Kanuni hii inaonyesha pia lini usitumie mita kuu kabisa. Ukarabati ukiwa mdogo, tuseme taa za ghorofa moja zinazookoa asilimia 3 ya jengo zima, shaka itakuwa kubwa karibu sawa na akiba yenyewe hata modeli ikiwa na CV ya asilimia 4. Hapo pima saketi za taa kabla na baada, na uripoti hizo.

Ndani ya ripoti weka jedwali la kila kigezo kilichobadilishwa kwenye modeli, thamani ya zamani na mpya, na chanzo chake: kimepimwa, kimehesabiwa kwa kutembea, kimetoka kwenye nyaraka, au kimekisiwa. Kwa jengo letu, vya kupimwa vilikuwa mzigo wa usiku, taa na spliti. Korido zisizopozwa zilionekana kwa macho. Na upenyaji wa hewa peke yake ndio uliokisiwa. Uendeshe modeli ukiwa umeongeza upenyaji huo nusu zaidi na ukiwa umeupunguza kwa nusu, kisha andika akiba iliyopatikana kila mara, hata kama inasogea.